Kikohozi cha kubweka usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu krupu

Maswali haya ni yale ambayo wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete huuliza wanapofika na mtoto aliyeamka usiku akikohoa kama mbwa anabweka. Kama mtoto yuko hivyo sasa hivi, anza na swali la 5 na la 6, mengine utayasoma kesho.

## Kuitambua

1. Krupu ni nini, na kwa nini kikohozi kinatoa sauti ya mbwa?

Krupu ni uvimbe wa njia ya hewa pale penye sanduku la sauti na chini yake kidogo, mahali unapopagusa mbele ya shingo. Chanzo chake karibu kila mara ni virusi vya mafua, na vinavyoongoza ni vile vinavyoitwa parainfluenza. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3. Baada ya miaka 6 huonekana kwa nadra.

Mtu mzima akipata virusi hivyo hivyo anakauka sauti siku mbili tatu, basi. Kwa mtoto mambo ni tofauti kwa sababu ya ukubwa wa bomba lenyewe. Chini ya sanduku la sauti kuna pete ya gegedu iliyozunguka pande zote, haitanuki, kwa hiyo kitu kikivimba hapo kinavimbia ndani. Chukua bomba la mtoto mdogo lenye upana wa milimita 4 hivi. Ukuta wake ukivimba milimita 1 tu kuzunguka, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya kupita hewa inakuwa robo ya ile ya mwanzo. Jaribu kuvuta hewa kwa mrija wa soda, kisha ubane mrija huo kwa vidole: ndiyo kazi anayoifanya mtoto.

Sauti ya kubweka inatoka hapo hapo. Nyuzi za sauti zimevimba, na hewa ya kikohozi inasukumwa kwa nguvu kwenye tundu jembamba. Ndiyo maana sauti ya kulia nayo hukauka.

2. Jioni alikuwa anacheza vizuri. Imekuwaje usiku ageuke hivi?

Ni kawaida yake. Kwanza mtoto hutoka kamasi na kupata joto kidogo kwa siku moja au mbili, mafua ambayo hakuna anayeyahangaikia. Kisha kati ya saa 4 na saa 9 usiku anaamka ghafla, anakohoa kikohozi kikavu cha kubweka, sauti imekauka, na akivuta pumzi unasikia mlio.

Usiku huzidi kwa sababu mwili wenyewe hupunguza homoni yake ya kutuliza uvimbe, inayoitwa kotisoli, katika saa hizo. Asubuhi homoni inapanda tena na mtoto anaonekana mzima. Usidanganyike na asubuhi hiyo. Krupu huchukua siku 3 hadi 7, na usiku wa pili mara nyingi huwa kama wa kwanza au mbaya zaidi. Mipango ya usiku huo ifanyike mchana: nauli iwepo, simu ichajiwe, na namba ya bodaboda au bajaji unayemwamini iwe tayari.

3. Nitaitofautishaje na pumu au homa ya mapafu?

Sikiliza mlio unatokea wakati gani. Krupu inaziba juu, shingoni, kwa hiyo mlio wake unasikika mtoto anapovuta hewa ndani: mlio mkwaruzo, kama wa mtu anayevuta hewa kwa hofu. Wahudumu wa afya huuita straida. Pumu inaziba chini, ndani ya mapafu, na mlio wake ni filimbi nyembamba mtoto anapotoa hewa.

Homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, kwa kawaida haina mlio wa shingoni. Yenyewe hujulikana kwa kupumua haraka: kuanzia pumzi 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, mtoto akiwa ametulia. Na kifaduro ni kikohozi cha mfululizo hadi mtoto anaishiwa pumzi, kisha anavuta hewa kwa mlio mmoja mrefu au anatapika. Hicho hudumu wiki nyingi, hakiji usiku mmoja.

4. Ni baridi ya huku kwetu inayoleta?

Baridi yenyewe haileti krupu. Vinavyoleta ni virusi, na virusi hupita kwa kamasi, mate na mikono. Ila mwezi wa sita na wa saba, baridi inapobana Makete au Uyole, watu hujifungia ndani na watoto hulala wanne kitanda kimoja, hivyo mafua ya mmoja yanakuwa ya wote. Kumvisha sweta tatu hakumkingi na virusi. Na hewa baridi, mtoto akishaugua, inaweza hata kumsaidia (tazama swali la 10).

## Pumzi inapokuwa ya hatari

5. Mlio upi ni wa kutisha?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa, na jibu lake liko kwenye neno moja: ametulia.

Mtoto mwenye krupu akilia, akikimbia au akikasirika, anavuta hewa kwa nguvu na kwa kasi. Kwenye bomba lililovimba, nguvu hiyo hunyonya kuta zake zikaribiane zaidi, na mlio lazima utoke. Mlio wa namna hiyo, unaokuja akilia na kupotea akinyamaza, ni wa krupu nyepesi. Watoto wengi huishia hapo.

Mlio unaosikika mtoto akiwa ametulia, amepakatwa, halii, au hata amelala usingizi, maana yake ni kwamba njia imebana kiasi kwamba pumzi ya kawaida tu haipiti bila kukwaruza. Huyo ni wa kwenda hospitali usiku huo huo. Wahudumu wa zahanati hufundishwa hivyo hivyo: straida kwa mtoto aliyetulia ni ugonjwa mkali, anapewa rufaa ya haraka.

Kwa hiyo usimsikilize katikati ya kilio ukaamua. Mpakate, zima televisheni, punguza watu chumbani, mpe titi au mbembeleze mpaka anyamaze. Kisha weka sikio karibu na mdomo wake usikilize pumzi kumi. Halafu pandisha nguo yake na umulike kifua kwa tochi ya simu, mwanga usimpige machoni. Tazama pale mbavu za chini zinapoishia juu ya tumbo. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Kifua cha chini kikiwa kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, au kishimo cha shingoni juu ya kidari kikiwa kinazama, hiyo ni pumzi ya kazi nzito, na ni sababu tosha ya kuondoka hata kama mlio unausikia kwa mbali.

6. Dalili zipi zinasema "ondoka sasa hivi, usisubiri kukuche"?

Mbili za kwanza ni zile za swali la 5: mlio akiwa ametulia, na kifua kubonyea. Nyingine ni hizi:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anaacha titi kila mara ili apate hewa
- anahangaika, anajirusha, anatoka jasho, hapati mkao
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu au wa kijivu. Kwa mtoto mweusi tazama ulimi na ndani ya mdomo, usitazame ngozi ya uso
- amelegea, macho mazito, haitikii anavyoitika siku zote
- anatokwa mate na hawezi kuyameza (tazama swali la 16)
- ana chini ya miezi 6, hata kama dalili nyingine hazipo

Moja tu inatosha. Na kama mnaishi mahali ambapo hospitali iko saa mbili kwa gari, au mvua imekata barabara, kiwango chenu cha kuondoka kiwe chini kuliko cha mtu anayekaa Mwanjelwa.

7. Alikuwa anakoroma sana, sasa mlio umepungua. Amepata nafuu?

Inategemea amebaki vipi. Mlio ukipungua huku anapumua taratibu, kifua hakibonyei, ananyonya na anakutazama, basi ni nafuu.

Mlio ukipungua huku kifua bado kinabonyea na mtoto amekuwa kimya, amelegea, anataka kulala tu, hapo mambo ni mabaya kuliko mwanzo. Mlio hutengenezwa na hewa inayopita. Ukimya kwa mtoto aliyechoka hivyo ni kwa sababu hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata ya kutoa sauti, na misuli yake imeishiwa nguvu. Wapo waliofika wamechelewa kwa sababu nyumbani walishukuru kwamba "sasa amelala".

8. Tuna kipimo cha kidoleni, kinasoma 94. Si bado yuko salama?

Usikitegemee kwa krupu. Kipimo kile kinaonyesha oksijeni iliyo kwenye damu, na mtoto mwenye njia nyembamba anaweza kuilinda oksijeni yake kwa muda mrefu kwa kupumua kwa nguvu nyingi. Namba huanguka mwishoni, wakati nguvu zimemwishia. Tena kwenye miinuko kama Njombe au Kitulo hata mtoto mzima anaweza kusoma chini kidogo ya anayeishi Pwani. Kifua kinakuambia mapema kuliko kidole. Ikisoma chini ya 90, hapo hakuna mjadala: anahitaji oksijeni.

## Ukiwa nyumbani

9. Dakika za kwanza nifanye nini?

Mtulize, na utulie wewe kwanza. Kilio peke yake kinaweza kuigeuza krupu ya wastani kuwa kali, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 5. Mpakate akiwa amekaa wima mapajani, mgongo wake kifuani kwako. Usimlazimishe kulala chali. Akichagua mkao fulani, mwachie, maana mwili wake unajua hewa inapopita. Mpe titi au maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Usimfungue mdomo kwa kijiko kutazama koo, na usimwingize kidole. Uvimbe uko chini, hautauona, na kumkera koo kunaweza kuifunga njia kabisa.

Mkiondoka, usimbebe mgongoni kwa mbeleko iliyokazwa. Mbeleko inambana kifua, na humwoni uso. Mbebe mbele, wima, na blanketi liishie mabegani. Tumeshaona watoto wakiletwa kwenye bodaboda wamefunikwa gubigubi kichwa mpaka miguu kwa kuogopa baridi. Mtoto anayetafuta hewa hafunikwi pua.

10. Bibi anasema asipigwe na upepo. Je, hewa baridi ni mbaya?

Kwa krupu, hewa baridi ya usiku inaweza kutuliza uvimbe kidogo. Madaktari wa Geneva, Uswisi, walichapisha jaribio lao mwaka 2023. Watoto wote walipewa dawa, lakini nusu yao walikaa nje nusu saa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, na wengi zaidi kati yao walipata nafuu ndani ya nusu saa hiyo kuliko waliobaki ndani. Julai usiku Mbeya mara nyingi hufika nyuzi hizo bila kutafuta.

Mvishe vizuri mwili, acha uso wazi, keti naye kibarazani au dirishani kwa dakika 10 hadi 30. Hii ni ya mtoto mwenye krupu nyepesi, au ya kupitisha muda wakati usafiri unakuja. Si badala ya hospitali kwa mwenye dalili za swali la 6. Bibi usimbishie mbele ya watu. Mweleze kwamba mwili utabaki na joto, ni pua tu inayopata hewa.

11. Na mvuke wa maji ya moto, au majani ya mkaratusi?

Mvuke ulijaribiwa kwa miaka mingi, hata hospitalini, na haukuonyesha kupunguza krupu. Unachokifanya kwa uhakika ni kuunguza. Mtoto mwenye miezi 15 aliyefunikwa shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, huku anahangaika kutafuta hewa, ataipiga teke sufuria hiyo. Na shuka lenyewe linamtia hofu na kumfanya alie. Mafuta makali ya kuchua yenye kafuri nayo yasipakwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

12. Tuwashe jiko la mkaa chumbani apate joto?

Hapana, wala si kwa ajili ya krupu tu. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na imeua familia nzima zikiwa usingizini. Kwa mtoto ambaye tayari anapata hewa robo, kiasi kidogo kinatosha. Moshi wa kuni nao hukera njia iliyovimba. Joto la mtoto litoke kwenye nguo na kwenye mwili wa mama.

13. Dawa gani ninunue duka la dawa?

Paracetamoli tu, kama ana joto au analia kwa maumivu ya koo. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 10 na dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, hiyo ni kijiko cha mililita 5. Soma chupa, maana nguvu hutofautiana.

Dawa za maji za kikohozi hazifiki kwenye uvimbe, na zile zinazoleta usingizi ni hatari: zinamlaza mtoto ambaye unahitaji kuona kama analegea. Antibayotiki kama amoksilini haziui virusi. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

14. Jirani anasema ni kimeo kimeshuka, kikatwe.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Uvimbe wa krupu uko chini yake, ndani ya shingo, wala haviingiliani. Kukata kimeo hakufungui chochote. Kunaleta damu inayoshuka kwenye njia ambayo tayari ni nyembamba, kilio kikubwa kinachozidisha kubana, na baadaye vidonda vinavyoweza kuingiwa na pepopunda.

Imani hii inadumu kwa sababu krupu hupungua yenyewe kunapokucha. Mtoto aliyekatwa kimeo saa 12 asubuhi angepata nafuu saa 2 hata asingekatwa, ila sifa inakwenda kwa mkataji.

## Hospitalini

15. Watampa nini, na kwa nini vidonge vingi hivyo mara moja?

Dawa kuu ni deksamethasoni, dozi moja ya mdomo, ambayo hushusha uvimbe. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.6 kwa kila kilo. Huanza kuonekana kazi yake kati ya nusu saa na saa mbili, na hudumu zaidi ya siku moja, ndiyo maana mara nyingi dozi moja inatosha. Pasipokuwa nayo, prednisoloni hutumika.

Mama wengi hushtuka wakiona hesabu hiyo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 6, na kidonge cha kawaida kina 0.5, kwa hiyo vinasagwa vidonge 12 kwenye maji kidogo. Ni dozi sahihi. Wakati mwingine wahudumu huchukua dawa ya sindano na kumnywesha, kwa kuwa sindano ingemliza. Akitapika ndani ya nusu saa, waambie, kwa kawaida dozi hurudiwa. Waambie pia kama amekuwa karibu na mwenye tetekuwanga. Ndiyo, deksamethasoni ni vile vidonge ambavyo wengine hununua ili wanenepe. Kuvimeza kila siku ni hatari, dozi moja ya krupu ni jambo jingine. Lakini usimpe mwenyewe nyumbani ukalala: mtoto anayehitaji dawa hii anahitaji pia mtu wa kumwangalia.

Mwenye mlio akiwa ametulia huongezewa adrenalini ya kuvuta kwa mashine ya mvuke. Hiyo inafanya kazi ndani ya nusu saa, mtoto anageuka kabisa, na hapo wazazi huanza kufunga mizigo. Subirini. Nguvu yake inaisha baada ya saa mbili hivi na uvimbe unaweza kurudi ulivyokuwa, kwa hiyo mtazuiliwa kwa muda wa saa 3 au 4 mpaka ijulikane kwamba deksamethasoni imeshika.

Mfano wa usiku mmoja utaonyesha mambo yanavyofuatana. Mtoto wa miezi 18, kilo 10, Uyole, mwezi wa saba. Jumatatu ana kamasi. Jumanne joto ni nyuzi 37.8 na anacheza. Saa 6 na dakika 40 usiku anaamka anabweka, analia, mlio mkali. Mama anampakata kibarazani, baada ya dakika kumi ametulia, mlio umekwisha, kifua kinainuka vizuri, amenyonya. Anabaki nyumbani, na ni uamuzi sahihi, ila mama halali. Saa 8 usiku mtoto yuko usingizini na mlio unasikika toka mlangoni. Tochi inaonyesha ngozi chini ya mbavu ikivutwa ndani. Wanaondoka hapo hapo.

Saa 8 na dakika 50 wako hospitali. Nesi hamwekei kijiti mdomoni, hamtoboi. "Mama, usimlaze, mpakate hivyo hivyo," anamwambia, na anampima akiwa mapajani: pumzi 44, oksijeni 93. Anapewa deksamethasoni miligramu 6, kisha adrenalini ya mvuke, mama akishika kifaa karibu na pua. Saa 9 na nusu mlio umepungua. Saa 11 alfajiri adrenalini imekwisha nguvu na mlio umerudi, lakini akilia tu, akinyamaza hakuna. Hiyo ni deksamethasoni ikishika zamu. Saa 2 asubuhi anaruhusiwa. Usiku wa Jumatano anabweka mara chache, bila mlio.

Angekuwa kwenye zahanati isiyo na mashine ya mvuke wala oksijeni, jambo la kuomba ni dozi ya deksamethasoni kabla ya safari ya rufaa, ili ianze kazi njiani. Uliza mchana, mtoto akiwa mzima, ni kituo gani cha karibu kina mhudumu, oksijeni na dawa hii usiku.

## Isiyo krupu ya kawaida

16. Ana joto kali na anadondosha mate, lakini habweki.

Hiyo huenda si krupu. Mtoto anayekaa ameinamia mbele, kidevu mbele, mate yanamtoka, sauti imefifia, joto kali na habweki, anaweza kuwa na uvimbe wa kidakatonge, kile kifuniko cha njia ya hewa. Bakteria aliyekuwa akiusababisha zaidi hukingwa na chanjo ya wiki 6, 10 na 14, hivyo siku hizi ni nadra, ila uliza kadi ya mtoto inasemaje. Asilazwe chali, asitazamwe koo, apelekwe amekaa hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Dondakoo nalo hukingwa na chanjo hiyo hiyo: huweka utando wa kijivu kooni na kuvimbisha shingo. Na mtoto aliyeanza kama krupu, kisha akapanda joto kali na hapati nafuu kwa dawa, huenda bakteria wameingia kwenye bomba la hewa. Huyo ndiye anayehitaji antibayotiki, tena za mshipa.

17. Mlio umeanza ghafla mchana, hana mafua wala joto.

Fikiria kitu kimekwama mpaka ithibitike vinginevyo. Punje ya haragwe, karanga, mahindi, shanga, kipande cha ganda la yai. Uliza aliyekuwa naye: alikuwa anakula nini, alikohoa ghafla? Kama anakohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe, mpeleke hospitali. Usichokore kwa kidole, utakisukuma ndani. Kama hawezi kukohoa wala kutoa sauti, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja, kichwa kikiwa chini. Ikishindikana, wa chini ya mwaka mmoja mbonyeze katikati ya kifua mara 5. Mkubwa zaidi msimamie nyuma na umkamue tumbo kwa juu mara 5. Rudia mpaka kitoke. Haragwe linaweza kutulia kwa saa kadhaa, kisha likavimba kwa unyevu, hivyo utulivu wa baadaye usiwarudishe njiani.

18. Mwanangu ana miezi miwili na ana mlio tangu azaliwe.

Mara nyingi ni ulaini wa gegedu za sanduku la sauti. Mlio huzidi akilala chali au akinyonya, hupungua akilala kwa tumbo akiwa ameangaliwa, na wengi hupona kadiri wanavyokua. Hata hivyo aonwe na daktari, na haraka zaidi kama haongezeki uzito au hukaukiwa pumzi akinyonya. Hali hiyo hiyo ya kuonwa ni kwa mtoto ambaye sauti yake imekauka zaidi ya wiki tatu bila mafua, kwani vinaweza kuwa vinyama vinavyoota kwenye nyuzi za sauti.

19. Kaka yake alipata krupu, naye imemrudia mara tatu mwaka huu. Ni kawaida?

Baadhi ya watoto hurudiwa, na hukoma njia ikikua. Ila anayerudiwa kila mara, hasa bila mafua yoyote, au aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia alipozaliwa, aangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo, maana huenda bomba lake lina sehemu iliyobana tangu mwanzo. Andika tarehe ya kila tukio nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na kama alikuwa na kamasi kabla yake. Daktari ataanza na orodha hiyo.